Kwa nini `std::map` huwa mti mwekundu-mweusi

Anayeandika `std::map` katika C++ anapata hifadhi ya jozi za ufunguo na thamani, zilizopangwa kwa mfuatano wa funguo. Kanuni rasmi za lugha hiyo hazitaji mti wowote. Zinaweka ahadi tu. Kutafuta, kuingiza na kufuta kwa ufunguo kuchukue hatua zinazoongezeka polepole, kwa kiwango cha logi ya idadi ya vitu. Kuvipitia vyote kufuate mpangilio. Na kitu kipya kisivisogeze vilivyokuwemo, ili kielekezi ulichoshika kibaki sahihi hadi kitu chake kifutwe.

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo inayochuja wagombea. Mti-B huhamisha vitu kati ya nodi zake, basi unatoka. (Rust, isiyotoa ahadi hiyo, inautumia katika `BTreeMap`.) Mti usiojisawazisha nao hautoshi: uingizie namba 1 hadi 1,000,000 kwa mfuatano, unakuwa mnyororo, na kuifikia ya mwisho ni kuzipita zote.

Mti mwekundu-mweusi huipa kila nodi rangi. Nodi nyekundu haizai nyekundu, na kila njia kutoka mzizini hadi chini ina nodi nyeusi idadi ileile. Hivyo njia ndefu haizidi takriban maradufu ya fupi. Kwa vitu hivyo milioni, hatua hazivuki 40.

Mti wa AVL ungetimiza ahadi zote, tena ni mfupi zaidi. Lakini kufuta kitu kimoja kunaweza kuulazimisha kuzungusha nodi ngazi baada ya ngazi hadi mzizini. Mwekundu-mweusi huzungusha mara 3 kwa wingi. Kazi iliyobaki ni kubadili rangi. Kama huhitaji mpangilio, chukua `std::unordered_map`.