Jinsi joto linavyosambaa kwenye waya usio na mwisho

Waya mrefu wa shaba ukichomwa mahali pamoja kwa kitambo kidogo, joto huanza kuhama kwenda pande zote mbili. Mlinganyo wa joto huandika uhamaji huo hivi: u_t = k u_xx. Upande wa kushoto ni kasi ya jotoridi kubadilika kadiri muda unavyopita. Upande wa kulia unapima jinsi mchoro wa jotoridi ulivyopinda. Kilele hushuka, bonde hupanda. Namba k hutegemea kitu chenyewe, na kwa shaba ni kama sentimita mraba 1.1 kwa sekunde.

Ugumu ni kwamba kila nukta inategemea jirani zake. Joseph Fourier, aliyechapisha kitabu chake kuhusu joto mwaka 1822, alitumia mbinu ya kuuvunja mchoro wa jotoridi kuwa mawimbi. Wimbi lina sifa adimu: mpindo wake ni wimbi lilelile, lililozidishwa kwa −ω², ambapo ω ni 2π ikigawanywa kwa urefu wa wimbi. Kwa hiyo mawimbi hayaingiliani tena. Kila moja hufifia peke yake kwa kuzidishwa na e^(−kω²t), na hapo ndipo kazi yote ngumu inapoishia.

Katika shaba, wimbi la urefu wa sentimita 10 hubaki na takriban asilimia 65 ya kimo chake baada ya sekunde moja. Wimbi la sentimita moja, kwa muda huohuo, huwa limetoweka kabisa. Ndiyo maana kona kali za mchoro hulainika mara moja, ilhali mawimbi marefu hudumu.

Mawimbi yaliyofifia yakijumlishwa upya, joto lililoanzia nukta moja huchukua umbo la kengele:

G(x,t) = e^(−x²/4kt) / √(4πkt)

Hiki ndicho kiini cha mtawanyiko. Upana wake ni √(2kt): kwa shaba, karibu sentimita 1.5 baada ya sekunde 1, na 15 baada ya sekunde 100. Muda umeongezeka mara mia, upana mara kumi tu, na kimo kimeshuka mara kumi, hivyo jumla ya joto haibadiliki. Kama mwanzoni joto lilikuwa limeenea sehemu nyingi, kila nukta hupewa kengele yake kulingana na jotoridi lake, kisha kengele zote hujumlishwa.

Waya halisi una ncha, lakini fomula hufaa maadamu upana huo ni mdogo sana kuliko umbali wa kufika nchani. Kurudisha muda nyuma, hata hivyo, hakuwezekani kwa vitendo: kufifia hugeuka kukua, na kosa dogo la kipimo lenye urefu wa wimbi wa sentimita moja huzidishwa zaidi ya mara trilioni katika sekunde moja.