Nyuzi 65 Zinapogeuka 115

Kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu kina safu mbili za namba: moja huanzia 0 kushoto, nyingine kulia. Hapo ndipo wengi hukosea.

Tuseme mwanafunzi anachora pembe ya nyuzi 65. Amepiga mstari kuelekea kulia, akaweka kitovu cha kipimapembe juu ya kipeo, na mstari wa sifuri (si ukingo wa plastiki) ukalala juu ya mstari wake. Akifuata safu inayoanzia kushoto, atatia nukta penye 65 na kupata pembe butu ya nyuzi 115, kwani namba mbili zinazopandana hujumlisha 180.

Aanze kuhesabu kwenye 0 iliyo juu ya mstari wake: 10, 20, 30, hadi 65. Pembe iliyo finyu kuliko kona ya daftari haifiki 90.