Neno "Hakuna" Lisiloandikwa na Mtu: Kuunda Kiolezo cha Kumbukumbu za Mgonjwa wa Nje

Mama mmoja wa makamo alifika katika kliniki niliyokuwa nikihudumu akiwa na homa na maumivu makali ya koo. Tabibu alimwandikia amoksilini. Kwenye dirisha la dawa, mfamasia alimwuliza kwa mazoea tu iwapo kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Mama akajibu kwamba miaka mingi iliyopita alichomwa sindano ya penisilini, akavimba midomo na kushindwa kupumua vizuri. Amoksilini ni ya ukoo huohuo wa penisilini. Mfamasia aliirudisha dawa rafuni na kuitazama karatasi ya mgonjwa. Chini ya kichwa "Mzio wa dawa" palichapwa kwa herufi safi: Hakuna.

Tulipomwuliza tabibu, alikiri kwamba hakumwuliza mama yule swali hilo wala hakuligusa neno hilo. Lilikuwapo tayari alipofungua karatasi kwenye kompyuta. Tukafungua kumbukumbu za wagonjwa wengine kadhaa, na zote zilisema Hakuna. Aliyeunda kiolezo chetu katika Microsoft Word alikuwa amejaribu orodha zake kunjuzi kuona kama zinafanya kazi, akachagua "Hakuna", kisha akahifadhi. Tangu siku ile kila mgonjwa alizaliwa kwenye faili letu akiwa hana mzio.

Tuliunda kiolezo kipya, nami nitaeleza tulivyofanya. Katika Word, vifaa vya kuundia sehemu za kujaza vimo kwenye kichupo cha Developer, ambacho kwa kawaida hakionekani. Nenda File, kisha Options, kisha Customize Ribbon, uweke alama ya tiki mbele ya Developer. Andika kwanza vichwa vya kudumu kama maandishi ya kawaida, kwa mpangilio ambao tabibu hufuata anapozungumza na mgonjwa: tarehe na namba ya faili, malalamiko makuu, historia ya ugonjwa, mzio wa dawa, dawa anazotumia sasa, vipimo vya awali, uchunguzi wa mwili, utambuzi, matibabu, na tarehe ya kurudi. Sisi tulikipandisha kichwa cha mzio kikae juu ya matibabu, maana zamani kilikuwa mkiani mwa ukurasa, mahali ambapo mkono umeshachoka.

Mbele ya kila kichwa weka sehemu inayolingana na aina ya jibu. Maelezo marefu kama historia yanahitaji Plain Text Content Control. Fungua Properties zake na utie tiki kwenye Allow carriage returns, la sivyo tabibu hataweza kuanza aya mpya. Tarehe huwekewa Date Picker Content Control, na ni vema kuchagua mtindo unaoandika mwezi kwa jina, kwa kuwa 03/04 husomwa na mmoja kuwa Aprili na mwingine kuwa Machi. Kwa utambuzi tulitumia Combo Box Content Control, ambayo huonyesha orodha ya maradhi ya kawaida lakini pia humruhusu tabibu kuchapa ugonjwa usiomo. Orodha kunjuzi yenyewe, yaani Drop-Down List Content Control, haitoi ruhusa hiyo, kwa hiyo tuliibakiza kwa maswali yenye majibu machache yanayojulikana. Shinikizo la damu hatukuliwekea orodha kabisa. Tarakimu zichapwe kama zilivyosomwa kwenye mashine, kwani mbele ya orodha mtu huchagua iliyo karibu.

Sasa turudi kwenye mzio. Weka orodha kunjuzi, bofya Properties, kisha tumia Add kuingiza majibu moja baada ya jingine. Majibu mawili, "Hakuna" na "Upo", hayatoshi, kwa kuwa hayamwachii nafasi mgonjwa aliyeletwa hajitambui au mtoto aliyeletwa na jirani. Sisi tuliweka matatu: "Ameulizwa, hana mzio anaoujua", "Ana mzio, tazama maelezo", na "Haikuwezekana kuuliza". Kila jibu ni tamko ambalo mtu anaweza kuwajibika nalo. Chini yake tuliweka sehemu ya maandishi kwa jina la dawa, kilichotokea, na lini.

Katika orodha hiyo utakuta Word imetanguliza maneno Choose an item. Yaache yalivyo. Mtu akikosea na kuyachagua, sehemu hurudi kuwa tupu. Kinachofaa kubadilishwa ni maandishi hafifu yanayoonekana kabla ya kuchagua: bofya Design Mode, futa maandishi hayo, andika HAIJAJAZWA, kisha bofya Design Mode tena kutoka. Maneno hayo huchapika kwenye karatasi, hivyo mfamasia akiyaona hujua kwamba swali halijaulizwa. Kwenye Properties za kila sehemu tia pia tiki kwenye Content control cannot be deleted.

Hatua ya mwisho ni kufunga vichwa. Bofya Restrict Editing, tia tiki kwenye Allow only this type of editing in the document, chagua Filling in forms, kisha bofya Yes, Start Enforcing Protection. Nywila itakayoombwa huzuia watu kubadili muundo tu; haifichi taarifa za mgonjwa. Kwa usiri wa faili lililojazwa kuna njia nyingine, File, Info, Protect Document, Encrypt with Password.

Hifadhi kwa Save As ukichagua aina ya Word Template, yenye mkia wa .dotx. Ukibofya mara mbili faili la namna hiyo, Word hufungua nakala mpya na kukiacha kiolezo salama. Bila hivyo watu hufungua faili la mgonjwa wa jana, wakafuta na kuandika juu yake, na mzio wa jana ukamwandama mgonjwa wa leo. Kabla ya kukigawa, chapisha kiolezo kitupu na ukisome: kisitamke lolote kuhusu mgonjwa yeyote. Kiolezo chetu cha zamani kingeanguka katika jaribio hilo kwa dakika moja.

Kina mipaka yake. Sehemu hizi hazikagui maana: ukichapa 1600/90 kwenye shinikizo la damu, Word itapokea bila kunung'unika. Wala hakuna kinachomzuia mtu kuchagua "Ameulizwa" bila kuuliza.

Hapo mgonjwa ana nafasi yake. Ukiulizwa kuhusu mzio, taja jina la dawa na kilichokupata. Kuvimba midomo, kutoka vipele vya kuwasha au kubanwa pumzi baada ya dawa ni habari nzito; kichefuchefu au kuharisha mara nyingi ni maudhi ya dawa, si mzio, lakini yataje vilevile ili tabibu apambanue. Ikiwa hukuulizwa, sema mwenyewe kabla dawa haijaandikwa.

Kumbukumbu za zamani zilitusumbua kuliko kiolezo kipya. Hatukuwa na njia ya kutofautisha Hakuna iliyotokana na swali na ile iliyotokana na kompyuta, kwa hiyo hatukuhamisha hata moja. Kila mgonjwa aliyerudi alifunguliwa karatasi mpya yenye neno HAIJAJAZWA, akaulizwa upya.