Mkataba Ulioskaniwa: Mfuatano Kwanza, Herufi Baadaye

Tuseme umeletewa mkataba wa kupangisha fremu ya duka, kurasa sita zilizoskaniwa, uuchape upya kwenye Word. Programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha itakupa maneno karibu yote yakiwa sahihi, na hapo wengi huridhika. Lakini herufi iliyokosewa huonekana upesi. Kinachopita bila kuonekana ni kifungu kilichohama mahali pake.

Pa kuangalia zaidi ni chini ya ukurasa. Kifungu cha 7.3 kinaanzia mwisho wa ukurasa wa 3 na kuishia juu ya ukurasa wa 4. Programu husoma kila ukurasa kivyake, haijui kwamba sentensi inaendelea, kwa hiyo hutoa hivi:

```
7.3 Mpangaji akichelewa kulipa kodi
2 Kodi haijumuishi umeme na maji.
Ukurasa wa 3 kati ya 6
atatozwa asilimia mbili kwa mwezi.
```

Hiyo "2" si kifungu cha pili; ni tanbihi. Alama yake ndogo iko juu ya neno "kodi" katika kifungu cha 7.1, na programu huweza kuiacha au kuibandika kwenye neno lenyewe. Basi futa mstari wa namba ya ukurasa, unganisha vipande viwili vya 7.3, kisha weka kishale baada ya "kodi" kule 7.1 na ubonyeze Ctrl+Alt+F. Chapa tanbihi hapo, na Word itaipeleka yenyewe chini ya ukurasa.

Kwa namba za vifungu, kinyume chake: usiiachie Word. Zima uwekaji namba wa kujiendesha, uchape kila namba kama ilivyo kwenye skani. Mikataba mingi imewahi kufutwa kifungu, namba zikaruka kutoka 8 hadi 10. Word ikizipanga upya, 10 inakuwa 9 na kila kinachofuata kinashuka. Pale mkataba unaposema "kwa mujibu wa kifungu cha 12", mpangaji atasomeshwa kifungu kingine kabisa. Angalia pia (i): ikiwa katikati ya (h) na (j) ni herufi, ikifuatiwa na (ii) ni namba ya Kirumi.

Ndiyo maana, kabla ya kuchapa neno lolote, mimi huandika kwenye karatasi vichwa vyote, namba za vifungu na alama za tanbihi, kila kimoja na ukurasa wake. Kazi ikiisha, orodha hiyo hulinganishwa na nakala mpya, mstari kwa mstari, pamoja na kila rejeo la kifungu.

Ukikuta pengo au namba iliyojirudia kwenye mkataba wenyewe, iache kama ilivyo na umjulishe mwenye mkataba kwa maandishi ya pembeni. Kuirekebisha ni kazi ya waliotia saini.