Mteja Yumo Kwenye Grupu la Nondo na Saruji

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza akikwama kwenye kodi, mara nyingi hakimbilii kwa mhasibu. Anaandika kwenye grupu la WhatsApp la wenzake, lile lile wanamoulizana bei ya nondo na nani ana lori linalorudi tupu kutoka Dar. Ni saa tatu usiku, tarehe 18 ya mwezi: "Wakuu, nimechukua saruji ya milioni 11.8, risiti ya EFD haina VRN yangu. VAT yake nitaweza kuidai kweli?"

Kwa mtunza vitabu aliyeacha ajira na kuanza kujitegemea, swali hilo ni mlango wa kazi. Tatizo ni kwamba mara nyingi hayumo kwenye grupu hilo. Yumo kwenye magrupu ya watunza vitabu wenzake, ambako wote wanatafuta kazi na hakuna wa kuitoa, au kwenye yale ya "Wajasiriamali" ambako asubuhi hadi jioni ni matangazo yanayopishana. Grupu la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, lakini idadi haikuambii kitu. Angalia kama mtu akiuliza anajibiwa. Wenye hadiwea themanini wanaoulizana mambo ya mzigo kila siku, au waagizaji wanaochangia kontena moja kutoka Guangzhou, watakufaa kuliko watu mia tisa wasiosomana. Magrupu ya namna hiyo hayana linki ya kuokota mtandaoni. Unaingia kwa mkono wa mtu, mwanachama anayekufahamu akikuombea kwa admini.

Ukishaingia, jitambulishe kwa sentensi moja, kisha nyamaza usome. Kwa kawaida hutaona yaliyoandikwa kabla hujaingia, kwa hiyo jipe mwezi mmoja au miwili ndipo utafute humo ndani maneno kama "risiti", "makadirio" na "Z ripoti". Utaona maswali yana msimu. Ritani ya VAT inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na siku mbili tatu kabla yake grupu linachemka. Awamu za kodi ya makadirio, kwa anayefuata mwaka wa kalenda, zinaangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Siku hizo uwe karibu na simu.

Sasa lile swali la saruji. Jibu linaloleta mteja linakuwa hivi:

"Bosi, kwa risiti hiyo ilivyo, usiidai. Risiti ya manunuzi inatakiwa ionyeshe TIN na VRN yako wewe mnunuzi. Kesho rudi nayo kwa aliyekuuzia, mwombe arekebishe mauzo hayo kwa utaratibu wake na akutolee risiti mpya yenye namba zako. Kwenye hiyo 11.8m, VAT ni 1.8m, kwa hiyo safari inalipa. Isipopatikana kabla ya tarehe 20, wasilisha ritani bila hiyo risiti, uje kuidai mwezi utakaoipata."

Jibu limekamilika. Aliyeuliza anajua kesho aende wapi, aseme nini na kuna pesa kiasi gani, maana 11.8 ukigawa kwa 118 ukazidisha kwa 18 unapata 1.8. Humo hamna namba ya simu wala "njoo inboksi". Mimi naamini "njoo inboksi" imewanyima watu wateja wengi. Aliyeuliza anahisi anakwenda kudaiwa hela, na wale wanaosoma kimyakimya, ambao nao wana risiti za namna hiyo kwenye droo, hawajaambulia kitu. Namba yako tayari iko juu ya ujumbe. Atakayetaka atabonyeza, akute kwenye WhatsApp Business yako maelezo mafupi: "Utunzaji wa vitabu, maduka ya vifaa vya ujenzi, Mwanza."

Na anayebonyeza mara nyingi ni mwingine kabisa. Baada ya siku kadhaa anaandika: "Habari, niliona ulivyomjibu yule wa saruji. Na mimi zangu sijui zikoje." Hapa ndipo wengi hukimbilia kutaja bei ya mwezi, na mazungumzo yanaishia kwenye "nitakucheki". Bei iliyotajwa kabla mtu hajaona tatizo lake haina cha kupimwa nacho isipokuwa bei ya mwingine. Muulize kwanza ana risiti ngapi za manunuzi kwa mwezi, nani anayekwenda kununua mzigo, na ritani ya mwisho iliwasilishwa lini. Uliza kwa maandishi mafupi, maana yuko kaunta na wateja wamemsimamia. Voisi ya dakika nne hataisikiliza.

Kisha mpe kazi ndogo yenye mwisho: "Nitumie risiti zote za manunuzi za mwezi uliopita. Baada ya siku mbili nitakuambia zipi hazidaiki, kwa nini, na VAT iliyomo ni kiasi gani. Elfu hamsini." Tuseme risiti ni 60, na tisa hazina namba zake kwa sababu kijana anayetumwa kununua hatembei na karatasi yenye TIN na VRN ya duka. VAT iliyomo kwenye hizo tisa inafika 640,000. Ukimpelekea orodha hiyo, ikionyesha na muuzaji wa kurudi kwake, ada yako ya 150,000 kwa mwezi inapimwa na ile 640,000. Kuna mtu atamfanyia kwa 80,000, lakini hajamwonyesha chochote. Nawe umeshajua vitabu vyake vimekaaje kabla hujajifunga. Kama risiti zingekuwa mia nne ndani ya mfuko wa rambo, ada ingekuwa nyingine.

Useme wazi pia unapoishia. Kutunza vitabu ni kazi yako. Kumwakilisha mtu TRA kama mshauri wa kodi kunahitaji usajili, na usipokuwa nao, uwe na aliyesajiliwa wa kumpelekea.

Bei isijadiliwe grupuni hata ukibembelezwa. Ukiiandika tu, atatokea wa kusema "mimi nafanya kwa elfu thelathini", na kuanzia hapo wote wanaongelea bei, hakuna anayeuliza kazi. Kosa kubwa zaidi ni kuchota namba za wanachama na kuwatumia tangazo kwa mkupuo. Ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, na anayetumia njia nyingine akaripotiwa na wengi anaweza kufungiwa akaunti. Tena ni taarifa za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtu akiweka picha ya risiti yenye TIN yake, mwambie pembeni aifute kwa wote mapema, kabla muda wa kuifuta haujapita. Wema huo unakumbukwa.

Kila mteja mpya muulize namba yako aliipata wapi, na umwekee lebo kwenye WhatsApp Business. Miezi mitatu ikipita, lebo zitakuonyesha grupu linalolipa. Lile ambalo kila unapojibu unapata shukrani tu, soma majibu yao upya. Yakijaa "ngoja nimuulize bosi", ujue waliomo ni wauzaji wa dukani, na wenye maduka wana grupu lao. Mwombe mmoja wao akuunganishe huko.