Runinga Inayosikika Lakini Haionekani

Kioo cha runinga ya LED hakitoi mwanga wake chenyewe. Kazi yake ni kuuruhusu au kuuzuia mwanga unaotoka nyuma, ambako kumepangwa mikanda myembamba ya taa ndogondogo ambayo mafundi huiita stripu. Taa hizo zikizimika, picha huendelea kuchorwa kiooni kama kawaida, ila hakuna mwanga wa kuionyesha. Sauti ina njia yake, ndiyo maana taarifa ya habari husikika vizuri mbele ya kioo cheusi.

Uthibitisho wa kwanza hauhitaji bisibisi. Chumba kikitiwa giza, menyu ikifunguliwa kwa rimoti na tochi ikimulikwa karibu na kioo kwa mshazari, maandishi yataonekana kwa mbali. Yakionekana, kioo na bodi kuu vinafanya kazi, na tatizo limebaki kwenye stripu au kwenye draiva, yaani saketi inayozilisha umeme. Yasipoonekana kabisa, ugonjwa huenda uko kwingine.

Mfano ni runinga ya inchi 32 yenye stripu tatu, kila moja na taa sita za volti 3. Taa zote 18 zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo zinahitaji volti 54 hivi. Taa moja ikikatika, njia ya umeme imekatika na zote huzimika. Draiva, ambayo mara nyingi iko kwenye bodi ileile ya pawa saplai, hupokea volti 24 na kuzipandisha huku ikipima mkondo unaopita kwenye taa. Isipouona mkondo, hupandisha volti zaidi hadi kikomo chake, kisha hujizima ili isijiharibu.

Tabia hiyo ndiyo humpa fundi jibu kabla hajagusa kioo. Mita huwekwa kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye pini iliyoandikwa LED+ na mweusi kwenye bati la ardhi la upande wa pili wa transfoma. Upande wa kwanza hauguswi ovyo: kapasita yake kubwa hubeba volti zaidi ya 300, na huweza kubaki nazo hata baada ya plagi kuchomolewa.

Runinga ikiwashwa, kinachotazamwa ni sekunde mbili za mwanzo. Namba ikianza 24, ikaruka hadi 70 au zaidi, kisha ikarudi 24, draiva ni nzima na njia ya stripu imekatika. Ikibaki 24 bila kutikisika, draiva haikuamka, na hapo hupimwa pini ya BL_ON, ambayo bodi kuu hutumia kuiamuru draiva iwashe taa. Volti 3 au zaidi zikifika hapo na bado hakuna kupanda, draiva yenyewe inashukiwa. Zisipofika, lawama ni ya bodi kuu. LED+ ikisoma sifuri, hutafutwa fyuzi iliyoungua, na nyuma yake mara nyingi kuna transista iliyoshoti. Mita za bei nafuu husoma polepole na huweza kuukosa mruko, kwa hiyo kipimo hurudiwa mara kadhaa.

Kwa runinga ya mfano, mruko umeonekana. Kebo ya stripu huchomolewa na kuunganishwa na testa ya LED. Taa haziwaki, na sasa kuna sababu ya kukitoa kioo. Hapa ndipo runinga nyingi huuawa: kioo hupasuka, au utepe laini ulio pembeni mwake huchanika, na hasara yake hupita thamani ya stripu. Kikishalazwa salama, kila stripu hupimwa peke yake. Mbili zinawaka kwa volti 18. Ya tatu haiwaki, na taa moja ina kidoa cheusi katikati.

Kuunganisha waya juu ya taa iliyokufa huwasha nyingine, lakini ni kazi ya kurudiwa: huacha kivuli, na taa zilizobaki zimechoshwa na joto lilelile. Bora kubadilisha seti nzima, kwa taa za volti zilezile. Stripu za volti 6 hufanana sana na za volti 3 kwa macho, lakini haziwezi kuchukua nafasi yake.

Mwenye runinga naye ana la kufanya. Viwanda vingi huuza runinga ikiwa imewekwa mwanga wa juu kabisa, na mkondo mkubwa ndio huzipasha taa joto. Kwenye menyu ya picha, chaguo la Backlight lishushwe hadi nusu hivi. Lile la Brightness, katika runinga nyingi, hubadilisha weusi wa picha tu na haliziokoi taa.