Michemraba 901 na Bando la Gigabaiti Moja

Mwaka 2015 Glenn Fiedler, mtaalamu wa programu za mtandao za gemu, alieleza hatua kwa hatua jaribio alilolifanya kwa ulimwengu mdogo wa kwenye kompyuta. Ndani yake mlikuwa na michemraba 901: mmoja mkubwa unaoendeshwa na mchezaji, na midogo 900 inayosukumwa, kuvurugwa na kurushwa ovyo. Kompyuta moja, yaani seva, ndiyo iliyojua kila mchemraba uko wapi. Ya pili ilitakiwa ione yaleyale kupitia mtandao, mara 60 kwa sekunde.

Njia nyepesi kuliko zote ni kupiga picha ya hali nzima na kuituma. Picha hiyo ni orodha ya namba tu. Kila mchemraba una namba tatu za mahali ulipo, nne za jinsi ulivyogeuka na tatu za kasi yake, kila moja ikiwa namba ya desimali ya biti 32. Ukiongeza biti moja ya kuonyesha kama umeguswa na mchezaji, unapata biti 321. Zidisha kwa 901, kisha kwa 60, na jibu linapita megabiti 17 kwa sekunde.

Kwa mtu anayecheza kwa bando la simu, hesabu hiyo ni msiba. Megabiti 17 kwa sekunde ni kama megabaiti 130 kwa dakika, kwa hiyo gigabaiti moja inakwisha kabla ya dakika nane. Tena huyo ni mchezaji mmoja. Seva yenye wachezaji kumi hutuma mzigo huo mara kumi. Fiedler alijiwekea lengo la kilobiti 256 kwa sekunde, na akalifikia. Kwa kiwango hicho gigabaiti ileile inadumu zaidi ya saa nane na nusu. Silaha zake kuu zilikuwa mbili: kuzipunguzia namba usahihi usio na kazi, na kutuma kilichobadilika tu.

Namba ya desimali ya biti 32 imeundwa ibebe vitu vikubwa na vidogo mno, tangu umbali wa sayari hadi unene wa unywele. Uwanja wa gemu hauhitaji uwezo huo. Tuseme una upana wa mita 512, kuanzia hasi 256 upande mmoja hadi 256 upande wa pili. Kila mita inagawanywa vipande 512, kila kipande kikiwa na takriban milimita mbili. Uwanja mzima basi una vipande 262,144, na kipande chochote kati ya hivyo kinatajwa kwa biti 18 kamili. Kanuni yenyewe ni mistari miwili, wa kwanza kwa mtumaji na wa pili kwa mpokeaji:

```
q = round((x + 256) * 512)
x = q / 512 - 256
```

Chukua mchemraba ulioko mita 12.34567. Mtumaji anapata 137,393, na mpokeaji akiirudisha anapata mita 12.345703. Tofauti haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Katika hali mbaya kabisa kosa linakaribia milimita moja, ambayo hakuna jicho litakaloiona kwenye skrini. Kwenda juu, ambako mita 32 zinatosha, biti 14 zinakidhi. Mahali palipokula biti 96 sasa panakula 50.

Kwenye mgeuko kuna ujanja unaopendeza zaidi. Namba nne zinazoeleza mgeuko wa kitu zina sharti moja: ukizipandisha kila moja kipeo cha pili na kujumlisha, lazima upate 1. Ukijua tatu, basi ya nne unaikokotoa mwenyewe. Kwa hiyo mtumaji anaiacha iliyo kubwa kuliko zote, anataja kwa biti mbili ni ipi aliyoiacha, kisha anatuma tatu zilizobaki. Kwa nini aache iliyo kubwa? Kwa sababu zinazobaki haziwezi kuzidi 0.7072 upande wa chanya wala wa hasi, na kadiri eneo linavyokuwa finyu ndivyo biti chache zinavyotosha kuligawanya. Fiedler alitumia biti tisa kwa kila moja. Jumla ni 29, badala ya 128.

Kasi inaweza kuachwa kabisa, kwani picha 60 kwa sekunde zimekaribiana kiasi kwamba kompyuta ya mchezaji inaweza kuunganisha mahali na mahali kwa mstari ulionyooka. Sasa mchemraba una biti 80, na mkondo mzima umeshuka hadi megabiti 4.3 hivi. Ni nafuu kubwa, ila bado ni zaidi ya mara 16 ya lengo.

Hapo ndipo inaposaidia kuangalia kinachotokea uwanjani. Michemraba mingi imekaa tu. Kutuma mahali pa mchemraba uliolala, mara 60 kila sekunde, ni kama muuza duka anayehesabu upya kila kiberiti kila mteja anapotoka, wakati angeweza kuandika kilichouzwa tangu hesabu ya mwisho. Kwa hiyo seva inatuma tofauti. Mchemraba usiobadilika unapewa biti moja, sifuri. Uliobadilika unapewa moja, ikifuatwa na tofauti yake.

Tofauti hiyo ni ndogo. Mchemraba unaokwenda mita sita kwa sekunde husogea sentimita 10 kati ya picha na picha, yaani vipande 51. Biti saba zinatosha kuandika badiliko la hadi vipande 63 mbele au 64 nyuma, pale ambapo mahali pazima pangehitaji 18.

Lakini tofauti na picha ipi? Swali hili ndilo linalowaponza wengi. Gemu za kasi hutumia itifaki ya UDP, ambayo haiahidi kwamba pakiti itafika. Seva ikituma tofauti kati ya picha ya 341 na ya 340, na pakiti ya 340 ikawa imepotea njiani, mpokeaji ataiongeza tofauti hiyo kwenye picha ya 339. Mchemraba utakaa sentimita 10 kando ya mahali pake, na kosa hilo halitajirekebisha.

Dawa ilikuwepo tangu miaka ya modemu za simu. Quake III Arena, gemu la kampuni ya id Software lililotoka 1999, lilikuwa na seva inayotuma picha 20 kwa sekunde kwa mpangilio wa kawaida, na kwa kila mchezaji seva ilihifadhi picha 32 za mwisho. Kompyuta ya mchezaji, kila inapotuma amri zake, hutaja namba ya picha ya mwisho iliyoipokea. Seva hulinganisha hali ya sasa na picha hiyo iliyothibitishwa, si na ile iliyotumwa punde. Akikiri amepata ya 340, na 341 hadi 345 zote zikapotea, ya 346 itakuja ikisema wazi kwamba imejengwa juu ya 340. Hakuna kinachohitaji kutumwa upya. Picha aliyoikiri ikiwa imepitwa kwa karibu sekunde moja na nusu, seva huachana na tofauti na kumtumia hali nzima.

Usalama huo una gharama yake, na mchezaji aliye mbali na seva ndiye anayeilipa. Ping ikiwa milisekunde 200, picha iliyothibitishwa ina umri wa picha 12 kwa mwendo wa 60 kwa sekunde. Mchemraba wetu wa mita sita kwa sekunde umeshasogea vipande 614 badala ya 51, na biti saba hazitoshi tena, zinahitajika 11. Mchezaji wa Mwanza au Mombasa aliyeunganishwa na seva ya bara jingine anapokea pakiti nene kuliko jirani wa seva, kwa gemu lilelile. Njia ikianza kupoteza pakiti, msingi unazidi kuzeeka, pakiti zinanenepa, na njia iliyokwisha elemewa inaelemewa zaidi.

Kuna kosa jingine linaloingia kimyakimya pale mbinu hizi mbili zinapokutana. Mwandishi wa programu anaweza kutoa tofauti ya namba halisi kwanza, kisha kuikata iwe vipande. Tuseme mchemraba unatambaa sentimita 4.7 kwa sekunde, ambayo ni vipande 0.4 kwa kila picha. Tofauti ya 0.4 ikikatwa inakuwa sifuri. Picha inayofuata, sifuri tena. Kwenye seva mchemraba unavuka chumba. Kwa mchezaji haujanyanyuka. Utaratibu sahihi ni kukata kila mahali kuwa kipande kwanza, halafu kutoa kipande kwa kipande: 0, 1, 1, 2, 2. Mwendo unafika, na hakuna kosa linalolimbikizana kwa sababu pande zote mbili zinashika namba nzima zilezile.

Mwenye kuchunguza gemu linalosumbua anaweza kuyatofautisha magonjwa haya kwa macho. Kitu kinachotua mahali pasipo pake na kubaki hapo kinaonyesha kwamba pande mbili hazina picha moja ya msingi. Kitu kinachotetemeka au kusogea kwa vihatua, hasa kikitazamwa kwa darubini ya bunduki, kimekatwa vipande vikubwa kupita kiasi. Pakiti zinazonenepa tu mtandao unapoharibika si ugonjwa. Ni mfumo unafanya ulichoandikiwa.

Hata ile biti moja ya mchemraba uliolala ina bei. Michemraba 901 mara 60 ni kilobiti 54 kwa sekunde, moja ya tano ya lengo lote, za kusema tu kwamba hakuna jipya. Vilivyobadilika vikiwa vichache, ni nafuu kutaja namba zao, biti 10 kwa kila kimoja, na kukaa kimya kuhusu vingine. Vikifika kama 90 faida hiyo inakwisha, na seva inarudi kwenye orodha ya biti mojamoja.

Waandishi wa Quake III walikuwa wabahili kwa namna yao. Namba ya desimali isiyo na sehemu baada ya nukta, ikiwa kati ya hasi 4096 na 4095, ilitumwa kwa biti 13 badala ya 32. Ndiyo maana kasi ya roketi ilikatwa sehemu ya nukta kabla haijaruka. Zaidi ya hapo, kilichotumwa kilikuwa mahali ilipoanzia, kasi na saa ya kuanza, na kompyuta ya mchezaji ikachora njia yenyewe. Roketi iliyo angani haikuwa na badiliko la kutumwa hadi ipige kitu.

Msimbo wote huo ulitolewa kwa umma mwaka 2005. Anayetaka kuuona mkato wenyewe afungue faili la `g_missile.c` na kutafuta neno `SnapVector`. Sehemu ya kulinganisha picha imo ndani ya `sv_snapshot.c`, na uandishi wa biti umo ndani ya `msg.c`. Asiyesoma msimbo anaweza kuliwasha gemu lenyewe, kuandika `/cg_lagometer 1`, kisha kutazama kisanduku cha pembeni: mistari ya kijani ni picha zilizofika, na myekundu ni zilizopotea.